Karatasi ya mshindani: kuwaandaa wauzaji wanapokutana na aliyetuzidi

Kampuni ninayofanyia kazi huuza mfumo wa mauzo na stoki, na wateja wetu wengi ni maduka ya spea za magari, hapa Nairobi, kuanzia Kirinyaga Road, ambayo wengine bado huiita Grogan, hadi Industrial Area. Mshindani wetu mkuu simtaji jina. Ana watu wengi kuliko sisi, matangazo yake yamejaa mjini, na mfumo wake, nikisema kweli, ni mzuri. Muuzaji wetu alikuwa akiingia dukani na kuambiwa "wale wengine walikuwa hapa jana," uso unambadilika hapo hapo, na kinachofuata karibu kila mara ni kutoa punguzo ambalo hakuna aliyemwomba.

Ndipo nikapewa kazi ya kuandika karatasi ya mshindani. Huu ni ukurasa ambao muuzaji anaupitia kwenye simu akiwa bado nje ya duka. Unamwambia wale wengine watasema nini, wametuzidi wapi, sisi tumewazidi wapi, na yeye aulize nini. Maelekezo mengi niliyoyapata kuhusu kazi hii yameandikwa na watu wa kampuni zinazoongoza soko, na yanakufundisha kulinda nafasi uliyo nayo. Aliye nyuma ana kazi nyingine kabisa. Ninaandika kwa ajili yake.

Karatasi ya zamani ilikuwepo. Ilikuwa jedwali la Excel lenye mistari kama arobaini na safu mbili, sisi tukiwa na alama za vema za kijani karibu kila mahali na wao wakiwa na misalaba myekundu. Wauzaji walishaacha kuifungua. Nilikaa na mmoja wao, dada anayeijua Kirinyaga Road duka kwa duka, tukaupitia mstari mmoja mmoja kwa swali moja tu: mteja akisikia hili, kuna kitu ataamua tofauti?

Mstari wa kwanza kabisa ulihusu eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Januari 1, 2024, kutokana na Sheria ya Fedha ya 2023, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Kwa hiyo kila mwenye duka anataka mfumo uliounganishwa na eTIMS, na wauzaji wetu walikuwa wakitumia dakika kumi za mwanzo kulieleza hilo kwa bidii. Lakini mshindani naye ameunganishwa. KRA huweka kwenye tovuti yake orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kuunganisha mifumo ya wafanyabiashara, na sote wawili tumo.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa mistari ya sawa kwa sawa. Haikuwa tu inapoteza muda, ilikuwa inamfanyia mshindani kazi. Mteja akishaona kwamba nyote mna kitu kilekile, atachukua jina analolijua, na jina analolijua si letu. Kila dakika tuliyotumia kuthibitisha kwamba tuko sawa na mkubwa ilikuwa dakika ya kumpa mkubwa ushindi. Tuliifuta yote: eTIMS, risiti, malipo ya M-Pesa, ripoti za kila siku. Jedwali la mistari arobaini likabaki na mistari saba.

Hiyo saba nayo sikuiamini, kwa sababu ilitoka kwetu wenyewe. Nikaomba orodha ya maduka yaliyotuacha na kwenda kwa mshindani katika miezi michache iliyopita, nikaanza kuwapigia wenyewe. Kwenye taarifa za wauzaji, sababu iliyoandikwa mbele ya karibu kila duka ilikuwa bei. Usilitegemee neno hilo. Bei ndiyo sababu isiyomuumiza mtu: mteja huitaja ili asikuvunje moyo, na muuzaji huiandika kwa sababu haimgusi yeye.

Kuna namna ya kuwapigia. Asipige muuzaji aliyeshindwa, apige mtu mwingine, na aseme mwanzoni kwamba hauzi kitu. Usiulize "kwa nini hukutuchukua?" maana hilo linamweka mtu kwenye kiti cha mshtakiwa. Mimi nilikuwa nikisema, "Mzee, nirudishe siku ile ulipoona daftari halikutoshi tena, kulitokea nini dukani?" kisha ninanyamaza. Mtu akianza na siku ile, anakuja mwenyewe hadi siku aliyolipa. Wapigie mapema, kabla hawajasahau. Waliokaa sana na mfumo mpya hukueleza wanavyouona leo, na sababu zilizowafanya wauchague zimeshawatoka.

Niliyoyasikia hayakuwemo kwenye karatasi ya zamani hata kidogo. Mmoja alisema jirani yake ana mfumo wa mshindani, na kijana wa kaunta wa jirani huja kumsaidia anapokwama. Mwingine alisema wao huwa na mtu wa kupokea simu Jumapili. Mwanamke mwenye duka la spea za malori alinicheka kwanza, halafu akaniambia, "Kijana wenu alikaa hapo kwa kiti akinieleza ubaya wa wale wengine nusu saa nzima. Mimi mfumo wao nilikuwa nimeuona kwa shemeji yangu, unafanya kazi vizuri. Nikajiuliza, na huyu akinidanganya kuhusu hilo, yake mwenyewe itakuwaje?"

Nilipigia pia waliotuchagua sisi licha ya kuonyeshwa mfumo wa mshindani. Hao ni wa lazima, na watu huwasahau. Kwao ndiko nilikopata yale matatu ambayo sasa yamebeba karatasi nzima.

La kwanza ni namba za spea. Fundi anakuja kaunta na pedi ya breki iliyochakaa mkononi, hana namba, anasema tu "ya Probox." Kwa Toyota, namba za pedi za mbele huanza na 04465 na za nyuma huanza na 04466, kisha kuna kistari na tarakimu nyingine zinazobadilika kwa gari na mwaka. Watengenezaji wengine wa pedi hizohizo nao wana namba zao kwenye boksi. Mfumo wetu umejengwa kwa namba hizo: ukiandika moja unaona zote zinazoingiliana, hata kama iliyo kwenye rafu ina boksi la jina jingine. Mfumo wa mshindani umejengwa kwa maduka ya kila aina, kwa hiyo hutafuta jina la bidhaa jinsi duka lilivyoliandika. Mhudumu aliyekaa dukani miaka mingi haoni tofauti, kichwa chake ndicho mfumo. Mhudumu mpya humwambia mteja hamna, na spea iko nyuma yake.

La pili ni marejesho. Kwenye spea kila siku kuna kitu kinachorudi, kwa sababu fundi huchukua, anajaribu, haiingii. Ankara ikishatumwa eTIMS huwezi kuifungua na kuibadilisha, unaisahihisha kwa krediti noti inayoitaja ankara ile ya kwanza. Kwetu mhudumu anaita ankara ya zamani, anachagua kilichorudi, krediti noti inatoka. Kwao, wakati tunaandika karatasi, ilibidi mwenye ruhusa ya juu aingie na kuitengeneza. Kwa duka la nguo hilo ni jambo dogo, hata la usalama. Kwa duka la spea ambalo bosi ameenda kufungua kontena, ni foleni ya mafundi wenye hasira.

La tatu ndilo zito zaidi, na hakuna aliyekuwa amefikiria kuliandika: nani ataingiza orodha ya mali kwenye mfumo? Duka la spea la kawaida lina maelfu ya aina, nyingi zikiwa kwenye godauni ambalo hakuna anayelijua vizuri isipokuwa mtu mmoja. Mshindani humpa mteja faili tupu ya Excel aijaze mwenyewe. Sisi tunatuma watu wawili wakae godauni na yule mtu mmoja hadi kazi iishe. Hiyo ni gharama kubwa kwetu na tulikuwa tukiionea haya, tukiificha ndani ya ada ya kuanzia. Wateja waliotuchagua walikuwa wakiitaja kabla ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, sikuandika hayo kama madai. Muuzaji wa kampuni ndogo akisema "sisi ni bora kwa marejesho," mteja husikia tangazo tu. Tuliyageuza kuwa maswali ambayo mteja anajijibu mwenyewe: Fundi akija na spea ya zamani bila namba, kijana wako mpya anaipataje? Wiki iliyopita zilirudi spea ngapi, na ankara zake mlizirekebishaje? Orodha ya mali yako iko wapi kwa sasa, na nani atakaa kuiandika? Chini ya kila swali kuna mstari mmoja wa la kusikiliza. Mteja akijibu swali la tatu kwa "tunayo tayari kwenye kompyuta," karatasi inamwambia muuzaji aliache hapo, asilazimishe, faida yetu hapo imekwisha.

Baada ya maswali kuna jaribio tunaloliita mtihani wa kaunta. Muuzaji anamwomba mteja achukue spea tano kutoka rafu yake mwenyewe, bila kuchagua, azitafute kwenye mfumo wetu, kisha awaombe wale wengine wamfanyie hivyohivyo. Usipendekeze jaribio usilolijua matokeo yake. Sisi tulilifanya kwanza kwa wateja wetu wa zamani hadi tukajua linaanguka wapi. Linaanguka kwenye spea za magari ya Ulaya, kwa sababu orodha yetu ya namba za huko ni nyembamba. Hilo nalo limeandikwa.

Sehemu iliyoleta ugomvi ofisini ni ile inayosema walipotuzidi. Niliiweka juu, kabla ya sehemu yetu: wana programu ya simu inayomwonyesha mwenye duka mauzo akiwa nyumbani, sisi hatuna, wana sehemu ya uhasibu kamili, yetu ni ya kuanzia tu, wana mtu wa simu siku zote saba. Mkuu wa mauzo aliisoma, akaiweka chini, akaniuliza, "Sasa hii ni karatasi yetu au ni yao?" Hofu yake haikuwa ya kijinga. Muuzaji mchanga akisoma udhaifu watatu mfululizo anaweza kuingia dukani ameshashindwa.

Nilimjibu kwa maneno ya yule mama wa spea za malori. Mteja wa mshindani mkubwa karibu kila mara ameshauona mfumo wake. Ukikana kizuri alichokiona kwa macho yake, umekuwa mwongo kabla hujafungua tableti. Tulikubaliana kwamba kila udhaifu upewe sentensi ya kuukiri na sentensi ya kuendelea. Ya programu ya simu inasomeka hivi: "Hapo wako mbele, bosi, sitakuficha. Kama shida yako kubwa ni kuona mauzo ukiwa nje ya duka, wachukue wao. Lakini hebu tuangalie kwanza shida inatokea wapi kila siku." Wauzaji walioanza kuisema walirudi wakishangaa: mteja akishasikia "wachukue wao" mara moja, huanza kuuliza maswali ya kweli.

Kwenye bei tulifanya hesabu ambayo nashauri kila mtu aifanye kabla hajaandika neno "nafuu" au "ghali." Namba hizi nimezibadilisha ili zisimtambulishe mtu, lakini umbo lake ni lilelile. Wakati huo mshindani hakutoza ada ya kuanzia. Alitoza shilingi 2,500 kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja, na 1,000 kwa kila mtumiaji wa ziada. Sisi tunatoza 60,000 za kuanzia, pamoja na kuingiza mali yote, kisha 3,000 kwa mwezi hata watumiaji wakiwa wengi.

Duka lenye watumiaji wanne litamlipa mshindani 5,500 kwa mwezi, yaani 66,000 kwa mwaka. Sisi litatulipa 96,000 mwaka wa kwanza na 36,000 kila mwaka unaofuata. Mwisho wa mwaka wa pili zote zinafika 132,000. Mwisho wa mwaka wa tatu wao ni 198,000 na sisi 168,000. Lakini duka la mtu mmoja litawalipa wao 90,000 kwa miaka mitatu yote, na sisi 168,000 zilezile. Hata watumiaji wakiwa watatu, wao ni 162,000, bado wako chini yetu.

Kwa hiyo wauzaji walikuwa wamekosea kote kuwili. Waliokuwa wakisema sisi ni nafuu walikosea kwa maduka madogo, na waliokuwa wakitoa punguzo kwa maduka ya watu wanne walikuwa wakigawa pesa bure. Karatasi ikawa inasema: chini ya watumiaji wanne usizungumzie bei kama faida, wanne na zaidi, mwonyeshe hesabu ya miaka mitatu, na umwambie wazi kwamba akiondoka mapema, kwa duka la wanne kabla ya miaka miwili kuisha, atakuwa amelipa zaidi kwetu. Sentensi hiyo ya mwisho mhasibu wetu aliipinga, na ilibaki.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kipande kifupi kuliko vyote, cha wakati wa kuondoka. Duka la mtu mmoja, mini-mati yenye bidhaa za kuskani, kampuni yenye matawi na mhasibu wa kudumu: shukuru, waachie namba, toka. Mwanzoni wauzaji walikichukia kwa sababu kamisheni yao iko kwenye idadi ya maduka. Ni lazima uzungumze na anayepanga kamisheni kabla ya kuandika kipande hiki, la sivyo ni wino uliopotea.

Sasa nije kwenye kilichotuumiza. Karatasi ya zamani ilikuwa na mstari uliosema kwamba mtandao ukikatika, mfumo wa mshindani unasimama. Ulikuwa wa kweli siku ulipoandikwa. eTIMS ina njia mbili za kuunganisha mfumo wa duka: OSCU, kwa mfumo ulio mtandaoni muda wote, na VSCU, kwa mfumo unaotoa ankara nyingi kwa mkupuo au ambao mtandao wake haupo wakati wote. Wao walikuwa kwenye ya kwanza, wakahamia ya pili, na kwetu hakuna aliyejua. Kijana wetu mmoja akausema mstari ule kwenye duka la Industrial Area ambalo lilikuwa kwenye majaribio ya mfumo wa mshindani. Mwenye duka hakubishana naye. Alichomoa waya wa ruta, akauza filta mbili mbele yake, akarudisha waya. Kijana aliaga, na duka hilo hatukulipata.

Tangu hapo kila mstari unaomhusu mshindani una mambo matatu pembeni: tumelijuaje, lini, na nani wa kulithibitisha tena. Tumelijuaje ina majibu mawili tu yanayokubalika, tumeliona kwa macho au mteja anayeutumia ametuonyesha. "Nimesikia" haiingii. Mstari usiothibitishwa kwa siku 60 unafutwa na yeyote, hata kama ni mtamu, bila kuomba ruhusa. Karatasi huwa fupi mno baadhi ya miezi, na nimejifunza kutoijaza kwa lazima.

Kuna pia namna ya kupata habari ambayo tuliikataa. Mtu alipendekeza tumpigie mshindani tukijifanya wenye duka, atuletee onyesho na kotesheni. Huhitaji kufanya hivyo. Bei zake nyingi ziko kwenye tovuti yake, vijitabu vyake wateja wenyewe hukuachia, maoni ya watumiaji kwenye duka la programu za simu yanaeleza kinachokwama, na matangazo yake ya kazi yanakuonyesha anakoelekea. Tulipomwajiri mtu aliyetoka kwao, tulimwambia mapema asituletee orodha ya wateja wao. Majina na namba za simu za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na karatasi inayotokana na orodha kama hiyo itakuletea hasara kuliko faida. Na tunachosema kuhusu mshindani nacho kina mipaka: kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani kinakataza madai ya uongo au ya kupotosha unapouza bidhaa. Kwa sababu hiyo karatasi haina neno kama "wabovu" au "wezi wa bei." Ina tunachoweza kukionyesha.

Kuhusu umbo lake: rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilikuwa nzuri sana, ila hakuna aliyeisoma. Muuzaji wa Kirinyaga Road yuko kwenye kelele, amesimama kati ya mikokoteni, simu mkononi. Tukaipunguza hadi upande mmoja unaosomeka bila kukuza herufi, tukaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kila toleo lina tarehe kubwa juu ili la zamani lijulikane. Chukulia kwamba mshindani ataisoma, kwa sababu kwa njia hiyo ya kutumiana hakuna siri. Yetu ilimfikia, tulijua pale muuzaji wao alipomnukulia mteja mmoja sentensi yetu ya "wachukue wao." Haikutudhuru, maana hapakuwa na uongo ndani. Kama ingekuwa lile jedwali la misalaba myekundu, angelionyesha kila duka.

Kuisoma nako hakutoshi. Ijumaa jioni tulikuwa tunacheza: mhasibu wetu anakuwa mwenye duka, mmoja anakuwa muuzaji wa mshindani, mwingine anakuwa wetu. Mpe nafasi ya mshindani muuzaji wako bora, siyo mgeni. Akiwa upande ule atatafuta jinsi ya kukushinda, na atakuonyesha matundu ambayo wewe mwandishi huyaoni. Hapo ndipo tuligundua kwamba swali la marejesho likiulizwa kwanza linamfanya mteja ahisi anachunguzwa kodi, hasa ukilitaja na eTIMS ndani yake. Likaenda la pili, baada ya lile la fundi na pedi mkononi.

Kama utataka kujua kama karatasi inafanya kazi, usikimbilie kuhesabu ushindi. Maduka ambayo tulikutana na mshindani uso kwa uso ni machache kiasi kwamba mwezi mmoja mzuri unaweza kukudanganya. Mimi nilianza na maombi ya punguzo, kwa sababu hayo hupitia kwa meneja na yameandikwa. Yalianza kupungua kwa maduka ya watumiaji wanne na zaidi kabla ya ushindi wowote kuonekana, na hiyo ndiyo dalili iliyonifanya niendelee. Cha pili nilichoangalia ni tunashindwa hatua gani. Zamani tulikuwa tunashindwa mwishoni, baada ya maonyesho mawili matatu na nauli nyingi. Sasa tunashindwa mapema, mara nyingi siku ya kwanza, kwa hiari yetu. Kwa jumla bado wanatushinda mara nyingi kuliko tunavyowashinda, ila kwenye maduka makubwa ya spea za magari ya Kijapani mambo yamegeuka. Muuzaji mmoja alituacha njiani, alisema hawezi kuuza huku anamsifu mpinzani, na sikuona la kumjibu.

Wiki iliyopita mteja alituonyesha kotesheni mpya ya mshindani. Wameondoa ile ada ya mtumiaji wa ziada. Kwa bei hiyo hata duka la watu wanane litawalipa 90,000 kwa miaka mitatu, na hesabu yetu ya miaka mitatu imekufa yote, pamoja na mpaka wa watumiaji wanne. Sehemu ya bei nimeifuta siku hiyohiyo na kutuma toleo jipya bila chochote mahali pake. Faili tupu ya Excel bado wanaitoa, nimethibitisha kwa mteja huyohuyo, kwa hiyo swali la tatu limepanda juu. Mkuu wa mauzo sasa anataka tuanze kutoza kazi ya godauni peke yake, ionekane ina thamani gani. Mhasibu anasema wateja watakimbia. Tunakutana tena Alhamisi, na kabla ya hapo nina wenye maduka wa kuwapigia.